Ripoti imerudi na wino mwekundu: affect/effect na less/fewer mnazihakiki vipi kabla ya kutuma?

AfisaMaziwa
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada, hili jambo limeninyima usingizi siku mbili. Nipo kwenye mradi wa maziwa huku Njombe, kila baada ya miezi mitatu tunaandika ripoti kwa Kiingereza inaenda kwa wafadhili. Ya juzi imerudi kwangu imejaa wino mwekundu. Bosi kazungushia affect na effect karibu kila nilipoziweka, less nayo kaikata mara kibao akaandika fewer juu yake, halafu sehemu nyingine less hiyohiyo kaiacha kama ilivyo. Na kompyuta haikunipigia hata mstari mmoja mwekundu.

Kipande chenyewe hiki hapa, nakinakili kama nilivyokiandika:

"The long dry season effected milk production. Less farmers came to the collection centre and they brought less litres. The affect on income was big, most households lived on less than 5,000 shillings a day."

Ile less ya mwisho ndo kaiacha. Sasa najiuliza, shilingi si zinahesabika jamani? Sitaki jibu la hiki kipande tu, nataka njia ya kuhakiki mwenyewe nikiwa peke yangu usiku naandika, maana ripoti nyingine inatakiwa mwisho wa mwezi.

Kijiweni_Posta
Mkuu hii ni rahisi mno. Affect ni kitenzi, effect ni nomino, kwisha habari, haina ila wala nini. Fewer ni ya vitu vinavyohesabika, less ni ya visivyohesabika kama maji na unga. Kwa hiyo bosi wako kapatia zote isipokuwa hiyo ya shilingi, hapo kateleza, ilitakiwa iwe fewer than 5,000 shillings. Mrudishie.

AfisaMaziwa
Aisee nikimrudishia halafu nikawa nimekosea mimi itakuwaje, ngoja nisubiri na wengine.

SistaWodi4
Samahani naingilia, mimi ni muuguzi wodi ya wagonjwa wa akili. Kijiweni anasema affect ni kitenzi na haina ila. Sasa kwenye mafaili yetu kuna kichwa cha habari kabisa kimeandikwa Mood and affect, na daktari anaandika chini yake flat affect. Huyo daktari ni mtu mzima ana uzoefu wa miaka na miaka. Ina maana muda wote huo amekuwa akikosea na mimi nimekuwa nikinakili makosa?

Mhariri_Mstaafu
Sista, daktari wako hajakosea, endelea kunakili hivyohivyo. Kwenye taaluma yenu affect ni nomino kamili, ni ile hisia inayoonekana kwa nje, usoni na kwenye sauti. Mgonjwa anasimulia msiba wa mwanae uso umetulia kama anasoma risiti, hiyo ndo flat affect. Hata matamshi yake ni tofauti, mkazo unakaa silabi ya kwanza. Ila nje ya saikolojia na magonjwa ya akili ni nadra kuikuta, kwa hiyo AfisaMaziwa hii usiibebe kichwani.

Sasa nirudi kwa mwenye uzi. Nimekaa meza ya uhariri miaka 22, na hili kosa nimelisahihisha kuliko kosa lolote lile. Kwanza uelewe kwa nini kompyuta ilinyamaza. Ule mstari mwekundu unauliza swali moja tu, je hili neno lipo? Effected lipo. Affect lipo. Less lipo. Kwa hiyo ikapita. Hiyo ya bluu ya sarufi wakati mwingine inashtuka, mara nyingi inalala, usiitegemee.

Sisi tunaoongea Kiswahili tuna silaha ambayo Mwingereza hana, na watu hawaitumii. Yeye kwake maneno haya mawili yanafanana herufi na kwenye mazungumzo ya haraka yanafanana hata sauti. Kwetu kazi hiyohiyo inafanywa na maneno mawili ambayo huwezi kuyachanganya ndani ya sentensi, athiri na athari. Huwezi kusema "ukame uliathari uzalishaji", ulimi wenyewe unagoma. Basi chukua sentensi yako uiseme kwa Kiswahili. "Kiangazi kirefu kiliathiri uzalishaji wa maziwa." Umesema athiri, basi ni affect: the long dry season affected milk production. "Athari kwa kipato ilikuwa kubwa." Umesema athari, basi ni effect: the effect on income.

Na angalia hilo kwa. Athari inahitaji kijineno cha kuiunganisha na kilichopatwa, athari kwa kipato, na effect nayo inataka on. Kuathiri hakuhitaji, ukame unaathiri kipato moja kwa moja, na affect nayo haitaki kitu katikati. Kwa hiyo ukikuta umeandika affected on income, au the affect on, simama hapo hapo, lazima kuna kitu kimeharibika.

AfisaMaziwa
Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara tatu. Yaani miaka yote hiyo shuleni tulikaririshwa kitenzi na nomino na hakuna aliyetuambia useme kwa Kiswahili kwanza.

Mhariri_Mstaafu
Marahaba. Sasa kabla ya kutuma ripoti fanya hivi. Bonyeza `Ctrl+F` uandike `ffect` bila ile herufi ya kwanza. Itakuletea zote mbili kwa pamoja, affect, effect, affected, effects, zote. Pitia moja moja, kila moja uiseme sentensi yake kwa Kiswahili kwa sauti. Ripoti ya kurasa 20 haikuchukui robo saa. Ukitafuta affect peke yake utaona zile ulizodhani ni affect tu, ile uliyoikosea upande wa pili itakupita.

MpwaniHalisi
Ahsante kwa mada nzuri ya athiri. Mie hili linanikera sana wallahi, watu siku hizi wanaandika "wananchi walioadhirika na mafuriko". Kuadhirika ni kufedheheka! Mafuriko hayamfedhehi mtu. Ni walioathirika, kwa thi, si dhi. Na kinyume chake utaona "amemuathiri mbele za watu" wakati kusudi ni amemuadhiri. Kwa hiyo mwenye uzi angalia th na dh zako.

AfisaMaziwa
Ndugu yangu Mpwani mimi naulizia Kiingereza, ila nimejifunza na hilo, nadhani nimeshaliandika hilo la mafuriko mahali fulani.

Bi_Tafsiri
Hamjambo nyote. Nafanya tafsiri Nairobi, zaidi ni mikataba na barua za ofisi. Nakubaliana na Mzee ila lazima niseme hiyo mbinu ya athiri na athari inakwama mahali, na inakwama kwenye karatasi tunazokutana nazo kila siku. Chukua barua ya kazi: with effect from 1 July. Kwa Kiswahili unasema kuanzia tarehe 1 Julai, hakuna athari wala athiri hapo. Sheria inapo-come into effect tunasema imeanza kutumika. Dawa ina side effects, tunasema madhara. Mtu akifariki nyumba ya kupanga, personal effects ni vitu vyake. Zote hizo ni effect na mbinu haikupi jibu.

Na kuna ile inayoangusha hata watu wazima, benki wanaandika payment was effected on Monday. Hapo effect ni kitenzi! Maana yake malipo yalifanyika, yalitekelezwa. Kwa hiyo Kijiweni pole, ila ipo.

Kijiweni_Posta
Hiyo ya benki mimi nilijua ni makosa yao, nimewahi kumcheka mtu kabisa. Basi nimwombe radhi. Ila bado nasema kwa mtu wa ripoti za kawaida kanuni yangu inamtosha, mara tisa kati ya kumi itamfikisha.

Bi_Tafsiri
Itamfikisha, sikatai. Ila aangalie sentensi yake ya kwanza kwa jicho hilo. Alichoandika, the dry season effected milk production, kinaeleweka vizuri tu kwa Kiingereza, kinasema kiangazi ndicho kilichofanya maziwa yapatikane. Yaani amesema kinyume cha alichotaka na sentensi imesimama sawasawa. Ndio maana mimi effect ikiwa kitenzi najiuliza, je naweza kuweka kuleta au kutekeleza hapa? Malipo yalitekelezwa, sawa. Mabadiliko yaliletwa, sawa. Kiangazi kilileta uzalishaji wa maziwa? Hapana, basi irudi kuwa affected.

AfisaMaziwa
Mungu wangu. Kwa hiyo mfadhili angesoma kwamba ukame umetuletea maziwa. Nashukuru bosi aliisoma kabla haijaenda.

Na less je? Hapo ndo sijaelewa kabisa.

Mhariri_Mstaafu
Hapa Kiswahili kinakusaidia nusu ya safari tu, na nusu ya pili kinakupoteza, kwa hiyo nisikilize polepole.

Nusu ya kwanza, wakulima wachache, vikao vichache, ng'ombe wachache, hizo ni fewer. Maziwa kidogo, mvua kidogo, muda kidogo, hizo ni less. Umeandika less farmers, kwetu ni wakulima wachache, kwa hiyo fewer farmers. Less litres, lita chache, fewer litres. Ukitaka kubaki na less, sema maziwa yenyewe, they brought less milk. Mimi ningependelea hiyo, ni fupi na inasema jambo lilelile.

Nusu inayopoteza, kuna vitu ambavyo Kiswahili kinavihesabu na Kiingereza hakivihesabu. Tuna kifaa kimoja vifaa viwili, shauri na mashauri, mzigo na mizigo, taarifa tatu, utafiti na tafiti. Mswahili akipima kwa chache anapata vifaa vichache, anaandika fewer equipments kwa kujiamini kabisa. Makosa mawili kwa mpigo. Equipment haina wingi, ni less equipment. Vivyo hivyo information, advice, furniture, luggage, research. Neno likiwa na shaka usilipime kwa Kiswahili, lifungue kwenye kamusi ya wanaojifunza Kiingereza, Cambridge au Oxford au Longman, zote zipo bure mtandaoni. Usitumie kamusi ya kawaida ya Waingereza wenyewe, nyingi hazikuonyeshi hili kwa sababu wao wanalijua tangu utotoni. Ukifungua Cambridge utaona `[ U ]` pembeni ya neno, maana yake halihesabiki, au `[ C ]` linahesabika. Oxford wanaandika neno zima `uncountable`. Ukikuta yote mawili soma mifano, neno lina maana mbili na kila maana ina tabia yake.

SistaWodi4
Hii ya vifaa imenigusa, tunaandika equipments kila ombi la stoo.

AfisaMaziwa
Na shilingi elfu tano mzee? Shilingi ngapi, shilingi chache, zinahesabika kila upande.

Mhariri_Mstaafu
Zinahesabika, ila hukuzihesabu. Hukusema kaya ilishika sarafu moja moja mpaka ikakaribia elfu tano, ulisema kiasi. Pesa, umbali, muda na uzito ukivitaja kwa namba Kiingereza kinavichukua kama fungu moja. Namna ya kupima ni kuweka is au are. Five thousand shillings IS not enough, utasema is, basi ni fungu moja, less than. Thirty farmers ARE waiting, utasema are, basi fewer than thirty farmers. Five kilometres is a long way, less than five kilometres. Bosi wako aliijua hiyo ndo maana akaiacha.

Kijiweni_Posta
Sawa hapo nimekubali, nilikosea kuhusu shilingi. Ila lita sasa? 20 litres is enough kwa ndama. Kwa kipimo chako itakuwa less than 20 litres, na hapo juu umemwambia fewer litres. Kipi ni kipi?

Mhariri_Mstaafu
Swali zuri hilo. Less than 20 litres, ndiyo, kwa sababu kuna namba na umetaja kiasi. Fewer litres bila namba, nayo sawa, kwa sababu hapo neno lita limesimama peke yake kwa wingi. Najua haipendezi kuona yote mawili kwenye aya moja, ndo maana nikamwambia aandike less milk aondokane nalo.

Bi_Tafsiri
Mimi nimwongezee njia ya kuhakiki ambayo haitegemei maneno ya mtu yeyote, hata ya Mzee. Google wana kitu kinaitwa Ngram Viewer, kinatafuta ndani ya vitabu walivyoskani na kukuchorea mstari wa kila msemo ulitumika kiasi gani mwaka kwa mwaka. Faida yake juu ya kutafuta mtandaoni kawaida ni kwamba vitabu vingi vimepita mkononi mwa mhariri. Unaandika misemo miwili ukiitenga kwa mkato:

```
adversely affected,adversely effected
less than five years,fewer than five years
```

Wa kwanza utaona affected iko juu na effected imelala chini kabisa kama imechorwa kwenye sakafu. Wa pili utaona less ndiyo iliyo juu, pamoja na kwamba miaka inahesabika, sawa na alivyosema Mzee kuhusu fungu moja.

Ila kuna mtego, mimi mwenyewe uliwahi kunikamata. Nilikuwa na sentensi ya mteja, the transfer was effected, nikapima `was affected,was effected` nikaona mistari yote miwili ipo, nikashindwa kuamua. Kumbe yote ni sahihi, kila mmoja na maana yake, na mchoro haujui mimi nataka kusema nini. Lazima msemo uwe mwembamba kiasi kwamba maana moja tu inaweza kuingia. Ukiweka adversely, hakuna anayetekeleza jambo adversely, kwa hiyo aliyeandika effected hapo amekosea na idadi inasema kweli. Tatizo lingine ni hili, ukitafuta less people utakusanya na sentensi ambazo less haihusiani na people kabisa, zimekaa jirani tu. Kwa hiyo usiangalie mchoro peke yake, bofya chini ufungue vitabu vyenyewe usome sentensi kama tano hivi.

AfisaMaziwa
Nimejaribu sasa hivi na `less farmers,fewer farmers`. Fewer iko juu mbali sana. Ila nimefungua sentensi za less farmers nimekuta na za watu wanaoandika Kiingereza kizuri tu. Hao wamekosea?

Mhariri_Mstaafu
Hapo ndo wataalamu wenyewe hawajaelewana. Less ilitumika na vitu vya kuhesabika karne nyingi kabla ya kanuni hii kuwepo. Aliyeiandika mapema kabisa ni Mwingereza mmoja, Robert Baker, mwaka 1770, na yeye hakusema ni sheria, alisema kwa maoni yake fewer ingependeza zaidi. Wengine wakayachukua maoni hayo wakayageuza amri. Sasa mitaani Uingereza na Marekani wanasema less people kila siku. Mwaka 2008 maduka ya Tesco kule Uingereza yalibadilisha mabango ya foleni za haraka kwa sababu watu walikuwa wakilalamikia less, na hawakuweka fewer, waliandika Up to 10 items. Hadi vitu 10. Wakakwepa ugomvi wote.

Kwenye ripoti ya ofisi andika fewer farmers, kwa sababu msomaji mmoja akiijua hiyo kanuni atakushusha thamani na mwingine asiyeijua hatakuona umekosea.

MpwaniHalisi
Hapo sikubaliani nawe mzee. Kama wenyewe wanasema less people, sisi tunajitesa kwa amri ya mtu mmoja wa karne ya 18 kwa nini? Kwenye athiri na adhiri maana inapotea, kwenye affect na effect maana inageuka kama alivyoonyesha Bi Tafsiri. Less farmers nani ameshindwa kuielewa?

Bi_Tafsiri
Mpwani ana hoja. Mimi nikiwa na saa moja tu ya kuhakiki, nusu saa na zaidi inaenda kwenye affect na effect.

Mhariri_Mstaafu
Mpwani, hakuna aliyeshindwa kuielewa, hilo nakupa. Ila kijana ameshakatwa wino mara kibao na bosi wake, na ripoti nyingine ni mwisho wa mwezi.

AfisaMaziwa
Nimekaa nimekiandika upya, naomba mkiangalie:

"The long dry season affected milk production. Fewer farmers came to the collection centre and they brought less milk. The effect on income was big, most households lived on less than 5,000 shillings a day."

Na `Ctrl+F` ya `ffect` kwenye ripoti nzima imeniletea 31, kati ya hizo 12 nimezibadilisha. Kwa less ilibidi niweke alama kwenye `Find whole words only` maana bila hivyo inaniletea unless na regardless.

Imebaki moja siielewi. Nimeandika less than 20 percent of farmers own a chaff cutter. Asilimia ni fungu moja, ila farmers ni watu. 20 percent of farmers ARE, si is. Kwa kipimo cha is na are inatakiwa fewer, lakini bosi aliiacha less.

Kijiweni_Posta
Less. Asilimia ni namba.

Bi_Tafsiri
Mimi naandika fewer kwenye hiyo, kwa sababu hiyohiyo ya are. Ila nimeshaona wahariri makini wanaacha less, na sijawahi kumsahihisha mtu.

Mhariri_Mstaafu
Mimi naacha less. Pima kwenye vitabu, `less than 20 percent,fewer than 20 percent`, halafu fungua sentensi uone ngapi kati yake zinahusu watu na ngapi zinahusu maji au ardhi, maana hapo mchoro utakuchanganyia vyote. Ukimaliza tuwekee hapa ulichokikuta.

AfisaMaziwa
Nafungua sasa hivi.